"Imenoki" Si Jina la Ugonjwa

Katika gereji zetu kuna neno moja linalofanya kazi ya daktari, hakimu na mchimba kaburi kwa wakati mmoja. Neno lenyewe ni "imenoki". Mwenye gari anafika na kueleza kwamba injini inagonga akipanda mlima. Fundi anafungua boneti, anamwambia akanyage mafuta mara mbili, anatikisa kichwa, kisha anatamka neno hilo. Kuanzia hapo hakuna anayeuliza tena ugonjwa ni upi. Kinachojadiliwa ni injini ya mtumba itapatikana wapi na kwa bei gani.

Neno hili tulilitoa kwa Waingereza, na kwao lilikuwa na maana ya kugonga tu. Lilipofika kwetu likabeba maana ya kufa. Mlio na kifo vikawa kitu kimoja, na ndiyo maana leo gari likitoa sauti yoyote ya kugonga, watu wanazungumza kama walio matangani. Nimefanya kazi ya injini muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba mkanganyiko huu wa maana umeziua injini nyingi zilizokuwa nzima. Kugonga ni dalili. Dalili hiyo ina sababu zaidi ya moja, na sababu hizo hazifanani kwa chanzo, kwa hatari wala kwa tiba.

Wanaonipinga wana hoja, na ni haki niieleze kama wanavyoieleza wenyewe. Wanasema chuma kikigonga chuma, hakuna mlio mzuri. Wanasema wateja wetu huchelewa, huendesha gari linalogonga mpaka konrodi linatoboa ubavu wa injini, kwa hiyo ni afadhali fundi afungue mapema kuliko kubembeleza. Na wanasema sikio ni kitu cha kubahatisha, lakini injini iliyofunguliwa mezani haidanganyi.

Hoja hiyo imesimama juu ya dhana moja: kwamba kila mlio wa kugonga ni chuma kinachogonga chuma. Dhana hiyo ndiyo yenye kasoro. Mlio unaoletwa gereji mara nyingi kwa malalamiko ya "inagonga ikipanda mlima" hautokani na vyuma kugongana. Ni mlio wa petroli yenyewe.

Ndani ya silinda, plagi inapopiga cheche, petroli iliyochanganyika na hewa haitakiwi kulipuka. Inatakiwa kuwaka. Moto huanzia kwenye plagi na kutambaa kwa mpangilio kuelekea kwenye kuta, mithili ya moto wa mbuga unaosogea na upepo. Sehemu iliyokwisha kuungua inatanuka na kuibana ile ambayo bado haijafikiwa, huko pembeni mbali na plagi. Ikibanwa inazidi kupata joto. Katika injini yenye afya, moto unaifikia sehemu hiyo kabla joto halijavuka mpaka. Lakini mambo yakienda kombo, ile petroli ya pembeni inawaka yenyewe, yote kwa mkupuo, kabla moto haujaifikia. Hapo ndipo panapotokea mlipuko wa kweli. Wimbi la shinikizo linaruka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, linarudi na kuruka tena, na silinda nzima inalia kama kengele iliyopigwa.

Kasi ya wimbi hilo ndiyo inayotupa sauti. Katika silinda yenye kipenyo cha milimita 81, kama ile ya injini ya Toyota 4A-FE, wimbi hulia karibu mara 7,000 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nyembamba na kali. Ndiyo maana dereva huisikia kama punje za mahindi makavu zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, au changarawe zinazomwagwa juu ya mabati. Beringi iliyolegea haiwezi kulia hivyo. Vyuma vizito vinavyogongana hutoa sauti nene ya chini, inayofuata mizunguko ya krenki.

Historia yenyewe inashuhudia upande wangu. Injini zilipoanza kugonga hivi mwanzoni mwa karne iliyopita kule Marekani, lawama iliangukia mfumo wa cheche za umeme uliobuniwa na Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kijana wake wa kazi, Thomas Midgley, alianza kuchunguza jambo hilo mwaka 1916 na kuona kwamba kosa liko katika namna mafuta yanavyoungua. Mwaka 1921 akagundua kwamba kiasi kidogo cha dawa yenye risasi kikichanganywa na petroli, mlio unanyamaza. Dunia ikatumia petroli yenye risasi kwa miongo mingi, ikaisambaza sumu hiyo hewani, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaachana nayo mwanzoni mwa 2006. Msomaji ajiulize: kama mlio ule ungekuwa wa beringi au pistoni iliyolegea, dawa ya kwenye tangi ingewezaje kuunyamazisha? Hakuna kitu cha kutia kwenye petroli kinachoweza kukaza chuma kilicholika.

Sasa nieleze gari moja, kwa sababu malumbano yasiyo na gari ni maneno matupu.

Ilikuwa Toyota Korola ya miaka ya tisini yenye distribyuta, iliyoletwa Dar es Salaam kutoka Arusha. Mwenyewe alikuwa ameliendesha Arusha kwa mwaka mzima bila tatizo. Safari ya kushuka aliifanya na abiria wanne na magunia mawili ya maharage nyuma. Lilipokuwa likipanda kutoka bonde la Wami, jua likiwa utosini, injini ikaanza kulia. Alipofika mjini fundi wa kwanza alilisikiliza kidogo barabarani, akasema konrodi limekwisha, injini imenoki, itafutwe nyingine. Mzee huyo alikuja kwangu kutafuta maoni ya pili tu, huku ameshaanza kuulizia bei.

Nilianza na maswali kabla ya spana. Inalia asubuhi ikiwa ya baridi? Hapana. Inalia ikiwa imesimama, ukikanyaga mafuta kwenye nyutro? Hapana. Inalia wakati gani? "Nikiwa na mzigo, gia ya nne, nikikanyaga mafuta." Na ukiachia kidogo? "Inanyamaza hapo hapo."

Majibu hayo manne yalikuwa yameshaliachia huru konrodi. Beringi ya konrodi iliyolika ina tabia yake: ukipandisha injini kwenye nyutro hadi kama mizunguko 2,500 kwa dakika na kuachia mafuta ghafla, inabwabwaja, kwa sababu wakati huo konrodi linageuka kutoka kusukumwa hadi kuvutwa na nafasi iliyolegea inajitangaza. Nilifanya jaribio hilo injini ikiwa na moto kamili. Kimya. Tukatoka barabarani, gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, nikakanyaga mafuta hadi chini. Punje zikaanza kutikisika ndani ya kopo. Nikainua mguu kidogo tu, zikakoma. Mlio unaotii mguu kwa haraka namna hiyo ni mlio wa moto, kwa sababu nilichobadilisha ni kiasi cha hewa na petroli inayoingia. Kuna vyuma vingi vinavyobadili sauti kwa mzigo, lakini chuma kilicholika hakiponi kwa nusu sentimita ya pedali.

Tuliporudi nilitoa plagi. Kwenye kaure nyeupe ya plagi ya pili na ya tatu kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Hiyo ni saini ya mlipuko: mawimbi yanakung'uta masizi kutoka juu ya pistoni na kuyarusha kwenye plagi. Vidoa vikiwa vinang'aa kama risasi ya kulehemu, ujue aluminiamu ya pistoni yenyewe imeanza kuondoka, na hapo mambo ni mazito zaidi. Vyake vilikuwa vyeusi tu.

Kisha nikapima taimingi kwa taa. Injini hizi zina kanuni ambayo mafundi wengi wanairuka: kabla ya kupima, unaunganisha kwa kiwaya tundu la TE1 na la E1 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya boneti. Usipofanya hivyo kompyuta inaongeza moto yenyewe na unachosoma hakina maana. Ukishaunganisha, moto unatakiwa uwe nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu. Taa ilionyesha karibu 17. Mwenye gari akakumbuka: huko Arusha gari lilikuwa zito, fundi akazungusha distribyuta "kulipa nguvu", na kweli likawa jepesi.

Fundi yule wa Arusha aliiweka injini kwa hewa ya Arusha. Mji ule uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Silinda inameza hewa pungufu, mgandamizo wa mwisho unakuwa mdogo, na hewa yenyewe ni ya baridi. Petroli ya pembeni haifiki kwenye mpaka wa kujiwasha hata moto ukitangulia kidogo. Gari hilo hilo likishuka bondeni kwenye hewa nzito ya joto, likabeba watu na magunia, mpaka unavukwa. Hakuna kilichovunjika njiani. Kilichobadilika ni hewa.

Nilirudisha moto kwenye nyuzi 10 na tukarudi barabarani. Mlio ulipungua sana, lakini haukuisha. Katika mwinuko mrefu, injini ikiwa imechemka, punje chache zilisikika. Hapo fundi mwenye haraka angesema, "Nilijua, ni konrodi." Nilishika rejeta kwa mkono, kwa uangalifu, feni ikiwa imesimama. Upande mmoja ulikuwa wa moto na mwingine wa baridi, maana yake mirija mingi ilikuwa imeziba na maji hayapiti. Rejeta liliposafishwa na joto kutulia, mlio ukaisha kabisa. Injini haikufunguliwa. Mzee aliondoka na pesa zake mfukoni.

Wapo watakaosema angeweza kununua petroli yenye okteni kubwa zaidi na yakaisha. Okteni si nguvu ya petroli, ni uvumilivu wake wa kutojiwasha inapobanwa. Kuiongeza kungeficha kosa la taimingi na la rejeta kwa muda, na joto lingeendelea kuitafuna injini kimya kimya. Petroli iliyochakachuliwa nayo ipo, na huleta mlio huu. Lakini usimhukumu muuza mafuta kabla hujapima moto na joto la injini yako.

Mlio wa pili unaozikwa chini ya neno "imenoki" ni wa pistoni kupiga ukuta. Huu ni chuma kweli, na bado haustahili hukumu ya kifo. Unausikia asubuhi, injini ikiwa ya baridi: sauti nene yenye uwazi ndani, kama mtu anayegonga mtungi mtupu kwa vifundo vya vidole. Gari likitembea dakika chache, sauti inafifia na kupotea.

Sababu yake ni rahisi kuielewa ukikumbuka kwamba konrodi halisimami wima muda wote. Pistoni inapopanda, konrodi limelalia upande mmoja. Inapoanza kushuka, linalalia wa pili. Kwa hiyo karibu na kilele cha safari yake, pistoni inahama kutoka kuegemea ukuta huu hadi ukuta wa mkabala. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ikiwa ile ya kiwandani, ambayo kwa magari mengi madogo haizidi sana unene wa unywele, uhamisho huo hausikiki. Nafasi ikikua, pistoni inafika upande wa pili kwa kishindo. Na kishindo kinaondoka injini ikipata moto kwa sababu pistoni ni ya aluminiamu, inayotanuka karibu mara mbili ya chuma cha blok. Ongeza joto kwa nyuzi 100, na pistoni ya milimita 81 inakua kama 0.17 ya milimita, wakati ukuta wa chuma unakua kama 0.09. Nafasi iliyozidi inajaa.

Jaribio lake halihitaji kufungua kitu. Injini ikiwa ya baridi na inaunguruma bila kukanyagwa, unachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine. Ukifika kwenye silinda yenye tatizo, kishindo kinapungua, kwa sababu umeondoa msukumo wa moto unaoirusha pistoni ukutani. Konrodi nalo hupungua sauti kwa jaribio hili, kwa hiyo usiishie hapo. Uliza joto. Pistoni hulia ikiwa ya baridi na kunyamaza ikiwa ya moto. Konrodi hufanya kinyume chake: asubuhi oili ni nzito na inalizuia lisigonge, lakini injini ikichemka oili inakuwa nyepesi na mlio unazidi. Swali hilo moja, asubuhi au baada ya safari, linatenganisha gari la kuendelea kulitumia na gari la kuzimwa sasa hivi.

Injini inayogonga pistoni asubuhi na kunyamaza inaweza kutembea miaka. Unachotakiwa kufanya ni kufuatilia kama inakula oili, kupima mgandamizo wa kila silinda, na kutoikimbiza kabla haijapata moto. Ikianza kugonga hata ikiwa ya moto, hapo ndipo pa kufungua na kupima silinda kwa geji. Na hapo pia tuna desturi mbaya: kuweka ringi mpya na kumwambia mteja kwamba mlio utaisha. Ringi zinaziba mgandamizo na kukwangua oili. Haziishiki pistoni isiyumbe. Silinda iliyolika inatibiwa kwa kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Anayeuza ringi kwa ugonjwa huu anauza kitu kisichouhusu.

Nikubali sasa pale wapinzani wangu waliposema kweli. Mlio wa konrodi ukithibitika, gari lisitembee hata kilomita moja zaidi, wala lisimwagiwe oili nzito ili linyamaze. Oili nzito inaficha mlio na kuiacha beringi ikiendelea kuliwa. Lakini hata hapo hukumu ya injini nzima ni ya haraka mno. Konrodi likikamatwa mapema, krenki hupimwa, huchongwa ikibidi, na kuwekewa beringi za saizi inayolingana. Injini inayokufa ni ile ambayo mwenyewe aliambiwa asubiri, au ambayo fundi alizoea kuisikia bila kuijua.

Wala sisemi kwamba mlipuko wa petroli ni mlio wa kuchezea. Kila wimbi linapopiga, linaondoa utando wa gesi tulivu unaoikinga aluminiamu na joto la moto. Ukiacha gari lilie hivyo kila mlima kwa miezi, kingo za pistoni zinaliwa kama zilizopigwa mchanga, na kuta nyembamba zinazoshika ringi zinavunjika. Mwisho wake ni injini iliyokufa kweli kwa kosa ambalo lingetibiwa kwa kurudisha moto nyuma nyuzi saba. Hapa ndipo neno "imenoki" linapoumiza mara mbili. Wanaoliogopa wanabadilisha injini nzima, na wengine, wakiogopa hukumu hiyo, hawaleti gari gereji mpaka liwe limestahili.

Magari mapya yana kihisi kilichofungwa kwenye blok kinachousikia mlio huu kabla ya dereva na kuiambia kompyuta irudishe moto nyuma. Gari kama hilo halilii, linakuwa zito tu na kunywa mafuta. Ukilipima likaonyesha P0325, waya au kihisi chenyewe kina hitilafu, na kompyuta haiwezi tena kulisikia. Kwa dizeli mambo ni mengine kabisa, kwani dizeli huwaka kwa kujiwasha na kugonga kwake ni sehemu ya kazi yake. Sikio pia lina mipaka: gasketi ya ekzosi inayovuja hulia kama tapeti, na sahani iliyopasuka kati ya injini na giaboksi ya otomatiki inaweza kuigiza konrodi vizuri kabisa. Ndiyo sababu nasisitiza majaribio. Anayesema sikio hudanganya amesema kweli, lakini kulirekebisha sikio kwa taa, plagi na waya wa kuchomoa kunachukua nusu saa. Kufungua injini kunachukua siku, na injini ya aliyetoka Arusha, kama ingefunguliwa, isingeonyesha kosa lolote mezani, kwa sababu kosa halikuwa ndani yake.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, ukiambiwa "imenoki", usitoe pesa. Muulize fundi mambo matatu. Inalia ikiwa ya baridi au ya moto? Inalia ikiwa na mzigo au hata ikisimama? Ukichomoa waya wa plagi ya silinda ipi, mlio unabadilika? Fundi anayejua kazi atakujibu yote matatu, kisha atakuonyesha. Asiyeweza kujibu bado hajajua gari lako linaumwa nini, na injini yako isifunguliwe na mtu huyo.